Nyumba Haikimbii

Bi Fundi aliitwa hivyo kwa sababu mumewe alikuwa fundi seremala, na watu wa mtaa hawakuona haja ya kumtafutia jina jingine. Alikuwa mwanamke wa maneno machache na maamuzi mazito. Ukimpelekea jambo asilolitaka, hakubishana nawe. Alivuta mtandio wake mbele, akakutazama na kusema, "Haraka ya nini?" Hapo mjadala ukawa umekufa, umeoshwa na umezikwa.

Mumewe alipofariki aliacha nyumba ya vyumba vitano, na nyuma yake karakana yenye msumeno wa umeme, mashine mbili za randa na rundo la mbao zilizokuwa zikikaushwa. Aliacha pia mjane, wana watatu na binti mmoja. Matanga yalipokwisha, mzee mmoja wa ukoo aliuliza kwa upole mirathi itagawanywa lini. Bi Fundi alimtazama kama mtu aliyekuja msibani kuuliza bei ya sanda.

"Udongo wa kaburi bado mbichi," alisema. "Haraka ya nini? Nyumba haikimbii."

Wote wakanyamaza. Na tusiwaonee huruma sana wale watoto, maana kunyamaza kuliwafaa. Mkubwa ndiye aliyeshika funguo za karakana, na kazi zote zilipitia mkononi mwake. Wa pili na yule binti waliishi miji ya mbali na walikuwa na shughuli zao. Nani angependa kuitwa mwenye uchu wa mali ya baba? Mtu mwenye heshima zake yuko tayari kuibiwa mchana kweupe kuliko kuambiwa anamngojea mama yake afe.

Aliyebaki na shida ni kitindamimba.

Huyu alikuwa na mkono wa baba yake. Akipiga randa ubao, ukipitisha kiganja hukuti pa kukwama. Lakini katika karakana ile alikuwa kibarua wa kaka yake, anapewa cha leo akipewa, na cha kesho ni majaliwa. Siku moja alikuja akakaa kwenye kizingiti cha jikoni, miguu nje, kama alivyozoea tangu utotoni alipokuwa na la kuomba.

"Mama, naomba fungu langu."

Bi Fundi aliendelea kuchambua mchele.

"Sisemi tuuze nyumba," kijana akasema. "Tuite mtu atathmini, halafu kaka anipe hata msumeno na randa moja, vihesabiwe kwenye changu. Nitafungua kibanda changu. Mke wangu ana mimba, mama."

"Unataka kunizika nikiwa hai?"

"La, mama. Mungu akupe umri."

"Basi nikifa mtagawana mpaka misumari. Haraka ya nini, mwanangu? Nyumba haikimbii."

Kijana alicheka kidogo, akainuka, akapangusa suruali. Alirudi tena mtoto wa kiume alipozaliwa. Kizingiti kilekile, maneno yaleyale, jibu lilelile. Safari hiyo hakucheka.

Sasa usije ukadhani Bi Fundi alikuwa mchoyo. Mchoyo angalau anajua anachokificha. Yeye alimpenda kitindamimba kuliko wote, na hilo ndilo lililoharibu mambo. Alijua kwamba siku kijana atakapopata chake atahama, na mkewe atahama, na kile kitoto kitahama, na yeye atabaki kusikiliza msumeno wa mkubwa. Hakutaka kukaa katika nyumba iliyokimbiwa. Sababu ilikuwa ndogo kiasi hicho, na ya aibu kiasi hicho, ndiyo maana hakumwambia mtu, akaivisha nguo ya heshima ya marehemu.

Mwenye shida hakai. Kitindamimba akapata kazi kwenye jengo la ghorofa lililokuwa likijengwa, kazi ya kupiga mbao za kumwagia zege, huko juu kabisa. Kumbe tangu mdogo aliogopa pa juu. Paa lilipovuja, baba yake alipanda mwenyewe na yeye akaambiwa ashike ngazi, na hata ngazi aliishika huku amefumba macho. Bi Fundi aliposikia habari za ghorofa alicheka mpaka akajishika mbavu.

"Wewe? Wewe uliyekuwa ukilia ukisimamishwa juu ya meza?"

"Nitazoea, mama."

Akamfungia chakula, akampigia dua, akamwacha aende. Asubuhi moja baada ya mvua, mbao za jukwaa zikiwa bado na utelezi, kitindamimba alianguka. Alikata roho kabla ya gari kufika.

Mkewe alikaa eda katika chumba chao cha pembeni. Alikuwa binti mpole, mwenye sauti ya chini, na wakwe zake walikuwa wameuchukua upole ule wakaufanya ujinga. Eda ilipokwisha, alioga, akamfunga mtoto mgongoni na kutoka. Hakuaga. Aliporudi jioni hakumwambia mtu alikokwenda, na hakuna aliyemuuliza, maana nani amuulize? Siku chache baadaye ukaja wito kutoka ofisi ya kadhi, ukiwataka warithi wote wa fundi seremala wafike.

Mkubwa aliusoma wito ule amesimama, akauweka juu ya meza kwa kishindo.

"Mkamwana wako huyo, mama! Maji yametulia, kumbe yana kina. Anadai nini? Mume wake amekufa hajapata kitu. Usichokipata utakirithishaje? Na yule mtoto ni mjukuu. Mjukuu hana chake mbele ya ami zake, hilo hata watoto wa madrasa wanalijua."

Bi Fundi alisikiliza, na moyo wake ukashika yale maneno kama mtu anayezama anavyoshika jani. Maana kama kitindamimba hakuwahi kuwa na kitu, basi yeye hakumnyima kitu. Alichokataa kilikuwa hewa tupu. Hajamsukuma mtu yeyote juu ya jukwaa lolote. Usiku na mchana alikuwa akiyapiga chini mawazo hayo na yakiinuka tena, na sasa mkubwa alikuwa amemletea rungu. Akaomba kimoyomoyo kadhi aseme hivyohivyo.

Ofisi ya kadhi ilikuwa chumba kirefu chenye feni inayozunguka kwa kulalamika, kabati la majalada lisilofunga, na benchi mbili zinazotazamana. Mkubwa alikaa na wa pili, aliyefika asubuhi hiyo. Binti alikaa kando ya mama yake. Benchi ya pili alikaa mkamwana peke yake, mtoto amelala mapajani. Kadhi alikuwa mtu wa makamo, mkono wa miwani yake umefungwa uzi, na pembeni yake alikaa karani mwenye rula ndefu, akichora mistari kwenye karatasi pana.

Kadhi alianza na marehemu wa kwanza. Aliacha madeni? Hapana. Aliusia chochote? Hapana. Yuko mrithi mwingine, mke mwingine, mzazi aliye hai? Hapana. Mashahidi wawili wa mtaa wakathibitisha. Kisha akahamia kwa marehemu wa pili.

"Mumeo aliacha deni?"

"Hakuwa na deni," alisema mkamwana. "Nani angemkopesha mtu asiye na chochote mkononi?"

"Mahari yako?"

"Alinimalizia."

Mkubwa hakuweza kuvumilia tena. Akainuka, akaeleza lile alilolieleza nyumbani, mara hii kwa sauti ya mtu aliyesoma. Marehemu alifariki kabla ya mgawo. Hakukabidhiwa kitu. Na mwanawe, kwa masikitiko makubwa, ni mjukuu, na mjukuu hufungiwa urithi na watoto wa marehemu.

Kadhi alimwachia amalize. Kisha akauliza, "Baba yenu alipokata roho, mdogo wako alikuwa wapi?"

Aliyejibu ni Bi Fundi, na hakukusudia kujibu, neno lilimtoka tu.

"Alikuwa amempakata kichwa."

"Alikuwa hai?"

"Si ndiye aliyemfumba macho baba yake."

"Basi imekwisha," alisema kadhi, akamgeukia mkubwa. "Kanuni unayoitaja ipo, ila umebisha nayo mlango usio wake. Mtoto akifa akamwacha baba yake hai, kisha baba naye akafa, hapo ndipo wajukuu hufungiwa na ami zao. Hapa aliyetangulia ni baba. Alipokata roho, kila mrithi aliyekuwa hai alishika haki yake palepale, hata maji ya kumwoshea hayajatekwa. Hutangulia tu gharama za mazishi, madeni na wasia, na hayo mmesema hayana tatizo. Kugawa ni kutenganisha tu, kila mtu akajua chake ni kipi. Kutogawa hakumnyang'anyi mtu haki yake. Mdogo wako amekufa na fungu lake, na warithi wake wamelirithi."

Feni ililalamika. Mkubwa akakaa. Bi Fundi ndiye aliyebaki akimtazama kadhi, mdomo wazi kidogo.

"Kwa hiyo lilikuwa lake?" akauliza.

"Lake kabisa, mama."

"Tangu siku ile?"

"Tangu saa ile."

"Hata alipokuwa akija kuniomba?"

Kadhi alivua miwani. Huenda alishakutana na akina mama wengi wa namna ile, maana hakuharakisha. "Hakukuomba chako, mama. Alikuwa akidai chake. Ila alikuwa na adabu, akaliita ombi."

Bi Fundi aliinamisha kichwa. Lile rungu alilopewa na mkubwa lilikuwa limemrudia mwenyewe. Si hewa aliyomnyima. Alikuwa amekalia haki ya mwanawe jikoni, akichambua mchele, na mwenye haki akiwa amekaa kizingitini kama mgeni.

Kadhi akaanza kazi ya hesabu. Kwa kuwa watu wale walikuwa maseremala, aliwaeleza kwa lugha yao. "Hapa kuna mbao mbili, na huwezi kupasua ya pili kabla ya ile ya kwanza. Kwanza tunapasua mirathi ya baba. Kipande atakachopata kitindamimba ndicho kinakuwa ubao wa pili, nao tunaupasua kwa warithi wake. Mkizichanganya mtapotea."

Ubao wa kwanza haukuwa na taabu. Mjane thumuni, yaani sehemu moja katika nane. Zikabaki saba, kila mwana mbili na binti moja. Karani aliandika kwa wino mweusi. Mwana wa pili, ambaye miaka yote alisema hana haja na kitu, alinyoosha shingo kuona ameandikiwa nini, na yule binti naye akafanya hivyohivyo. Kunyamaza kwao kulikuwa kwa heshima sana, lakini macho hayana adabu.

"Sasa ubao wa pili," alisema kadhi. "Zile mbili za marehemu. Kaka zake na dada yake hawamo, wamefungiwa na mwanawe. Mke wake, thumuni. Mama yake, sudusi, moja ya sita. Kinachobaki chote ni cha mtoto."

Karani akachora mistari mingine, akanong'ona peke yake, akapata kwamba mali yote ikikatwa vipande tisini na sita kila mtu anapata kipande kizima bila kugusa cha mwenzake. Kitindamimba alikuwa na ishirini na vinne. Mkewe vitatu, mama yake vinne, mtoto kumi na saba.

"Mama wa nani?" aliuliza Bi Fundi.

"Wewe, mama."

"Mimi mmeshaniandika. Thumuni."

"Hiyo ni ya kwa mumeo. Hii ni ya kwa mwanao. Umefiwa na wawili, unarithi kwa wote wawili."

"Silitaki!"

Sauti yake ilimwamsha mtoto. Mkamwana akampigapiga mgongoni, hakuinua macho.

"Nimesema silitaki," Bi Fundi akarudia, sasa kwa sauti ya chini. "Alikaa mlangoni pangu ananiomba msumeno. Msumeno tu. Nikamwambia angoje nife. Sasa amekufa yeye, ninyi mnanipa mimi fungu lake? Mnataka nile nini hapo?"

Yule binti alianza kulia. Mkubwa alitazama dirishani, kwa kuwa kila mtu chumbani alijua ule msumeno ulikuwa ukifanya kazi kwa nani miaka yote ile.

"Urithi haumuulizi mtu kama anautaka," kadhi alisema kwa upole. "Unamwingia wenyewe. Ukishakuwa wako, mpe umtakaye, hakuna wa kukuzuia. Lakini huwezi kutoa kitu ambacho hujakubali kuwa ni chako. Kiri kwanza."

"Nikiri vipi?"

"Sema nimepokea fungu langu katika mali ya mwanangu."

Neno dogo hilo lilimchukua muda kuliko hesabu yote ya karani. Mara mbili alifungua mdomo ukatoka upepo. Mara ya tatu alilisema, na ndipo alipolia kwa mara ya kwanza tangu mazishi, kilio kibaya cha mtu mzima asiyejua afiche uso wapi. Walipomletea maji aliyasukuma.

"Nimepokea," alisema tena. "Sasa nampa mtoto wake. Vyote vinne."

Mkubwa aliinama sikioni mwake. "Mama, si tungoje kwanza tukashauriane nyumbani? Hujui utakaa wapi."

"Leo," alisema Bi Fundi. "Andika leo."

Kadhi alimuuliza mkamwana kama anapokea kwa niaba ya mtoto. Akasema anapokea. Mkubwa akajaribu mara ya mwisho, akasema mali ya yatima yafaa isimamiwe na ami yake, mwanamume, mwenye uzoefu.

"Wewe unafanya kazi ndani ya karakana ambayo humo mna haki yake," alisema kadhi. "Ukidaiwa utajidai mwenyewe? Mama yake atasimamia, na hesabu ataileta hapa. Na wewe utaleta ya karakana, tangu baba yenu alipofariki."

Hapo mkubwa alitafuta leso yake mifuko yote.

Kilichobaki kilikuwa kujua mali itatenganishwaje. Kadhi aliuliza kama yuko anayeweza kuwanunulia wenzake mafungu yao ili nyumba ibaki. Mkubwa alisema hana uwezo huo. Wa pili akakohoa, akasema kwa kuwa mambo yameshafika hapa, yeye naye angependa chake. Binti akasema vivyo hivyo huku akifuta machozi. Basi ataitwa mthamini, na nyumba na karakana vitauzwa. Nyumba isiyokimbia ilikuwa imekwenda, vyumba vyote vitano, na haikuhitaji miguu.

Bi Fundi alitia dole gumba. Karani akampa kipande cha karatasi apanguse wino, akakikunja mkononi asikitumie.

Nje ya ofisi kulikuwa na ukumbi mwembamba na watu wanaongoja zamu zao. Mkamwana alikuwa amesimama karibu na ngazi, akimfunga mtoto mgongoni. Mizigo yake ilikuwa imeshafika kwa wazazi wake, alikuwa ameihamisha kidogo kidogo bila mtu kuona. Bi Fundi alimfikia akihema. Alitaka kumshika mkono, akaogopa, akashika ncha ya nguo aliyofungiwa mtoto. Mtoto alikuwa na masikio ya baba yake.

"Mwanangu," alisema, "najua nilichokifanya. Nisamehe. Nisamehe sasa hivi, nisiondoke hapa na mzigo huu. Mimi ni mtu mzima, sijui kesho yangu."

Mkamwana alikaza fundo kifuani, akalijaribu kama limeshika. Alimtazama mkwewe usoni, bila hasira, kwa adabu ileile ya siku zote, na sauti yake ilikuwa ya chini kama kawaida.

"Haraka ya nini, mama?" alisema. "Mimi sikimbii."

Kisha akashuka ngazi, ngazi moja moja, mkono mmoja nyuma ukimshika mtoto asianguke. Bi Fundi alibaki ukumbini. Mtu mmoja alisogea kwenye benchi akampisha, naye akakaa, dole lake bado lina wino.